Saa ya Ofisini Chini ya Sauti ya Baba

Mkuu wangu wa kazi alikuwa na masikio mazuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, na mpaka leo sijamsamehe. Naanza na hilo ili asije mtu akadhani nimekaa hapa kumsifu. Nitamsifu, kwa sababu ufundi wake ulikuwa wa kweli, lakini kila sifa nitakayompa itanikwaruza koo.

Tulikuwa wawili tu. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili nyuma ya soko la Lushoto, kuta zimetundikwa mablanketi ya kijeshi ili sauti isigonge na kurudi. Serikali ya Mwingereza ilikuwa imeanzisha vipindi vya redio kwa wakulima, na milima yetu nayo ikapewa sehemu yake. Yeye alitoka Tanga mjini, amefundishwa kazi ya sauti Dar es Salaam, anavaa soksi ndefu zilizopigwa pasi. Mimi nilichukuliwa kwa kuwa nilikuwa nimemaliza shule ya kati na ninajua Kishambaa. Tulikwenda vijijini kunasa sauti za watu, tukarudi kuziunganisha, kisha utepe uliokwisha kutengenezwa ukafungwa kwenye kopo na kuteremshwa kwa basi mpaka Mombo, ukapande treni.

Kazi ya kuunganisha ndiyo iliyokuwa kazi hasa. Kunasa kila mtu anaweza. Unabonyeza, magurudumu yanazunguka. Taabu inaanza unapoweka sauti ya mtu aliyesemea kwenye maikrofoni kubwa ya mezani, ndani ya chumba kilichofungwa, halafu baada yake ukamweka mtu aliyesemea kwenye maikrofoni ndogo ya mkononi, uwanjani, upepo unavuma. Wa kwanza anakunong'oneza sikioni. Wa pili yuko ng'ambo ya bonde. Msikilizaji anainuka kuongeza sauti ya redio, na akirudi kukaa tu, yule wa kwanza anamrukia tena usoni. Basi unanakili kutoka mashine moja kwenda nyingine, mkono wako uko kwenye kidude cha kuzungusha, macho kwenye mshale wa kupimia sauti, unampandisha huyu na kumshusha yule mpaka wawe sawa. Lakini mtu wa mbali hapandi peke yake. Ukimpandisha yeye, umempandisha pia mbuzi wake, upepo wake, mtoto anayelia nyuma yake na mwenzake anayekohoa. Huwezi kumwinua mtu ukaiacha ardhi aliyosimama.

Wakati huo kitu kilichokuwa kinachoma watu milimani ni matuta. Kila shamba la mteremkoni lilitakiwa lichimbwe matuta ya kukinga mteremko, udongo usiserereke na mvua. Asiyechimba alipelekwa barazani na kutozwa faini. Sitaki kubishana sasa kama matuta yalikuwa mazuri au mabaya. Waliochimba walikuwa mama zetu, na migongo yao ndiyo iliyojibu swali hilo. Bwana Shamba, Mzungu aliyesimamia kilimo, alizunguka huku na huko akisema kwamba jambo hili halikutoka kwake, bali wazee wenyewe wamekaa naye wakakubali.

Wazee gani? Hakuwataja. Na watu, kama kawaida yao, wakaanza kutafuta.

Wakampata baba yangu. Baba alikuwa mmoja wa wazee waliokaa na jumbe kusikiliza kesi za mipaka na za mifugo kuingia shambani, na kwa ajili hiyo alikuwa akionekana mara kwa mara kwenye benchi la ofisi za serikali. Halafu mwanawe, yaani mimi, alikuwa na kazi ya serikali na viatu. Ushahidi gani mwingine ulihitajika? Maneno yakaanza kupita kisimani, yakapita msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Watu walisema ametuuza. Mama alirudi siku moja kutoka kuchota maji akasema wanawake wamemwachia njia wote kwa pamoja, kwa heshima ya kejeli, kama mke wa mtu mkubwa. Alikaa akalia. Baba akachukua jembe akaenda kuchimba matuta yake mwenyewe, jambo ambalo bila shaka lilizidisha maneno.

Kwa hiyo mkuu wangu aliposema tutatengeneza kipindi juu ya matuta, Bwana Shamba aseme na wananchi nao waseme, baba aliniambia kwa mara ya kwanza na ya mwisho kwamba ana haja na mashine yangu.

"Nataka niseme kwamba sikukubali," aliniambia. "Niseme mbele ya watu, na redio iwafikishie wale ambao hawatakuwepo. Basi."

Hilo ndilo alilolitaka. Hakutaka cheo wala kutukana mtu. Alitaka jina lake lirudi lilipokuwa.

Bwana Shamba tulimnasa kwanza, ofisini kwake, kwa sababu hakuwa na nafasi ya kuja kwetu. Tukabeba mashine kubwa na maikrofoni ya mezani, tukafunga madirisha. Alikuwa na saa ya ukutani, ya mbao, yenye kipande kizito kinachobembea. Tak, tak, tak. Mkuu wangu alimwomba kwa adabu kama inawezekana kuisimamisha kidogo. Bwana Shamba akacheka, akasema saa hiyo haijasimama tangu iletwe Lushoto na yeye hatakuwa wa kuisimamisha. Basi tukanasa hivyo hivyo. Mwishoni mkuu akaomba watu wote wanyamaze, akanasa chumba kitupu kwa muda. Ni desturi ya kazi yetu, kwa sababu kila chumba kina ukimya wake, na ukikata neno katikati ya maneno unahitaji ukimya wa chumba kile kile wa kuzibia. Ukimya wa ofisi ile ulikuwa na saa ndani yake.

Niseme hapa kwamba saa ile ilijulikana. Hakuna mtu wa tarafa yetu ambaye hakuwahi kukaa kwenye benchi lililokuwa nje ya mlango ule, kusubiri kuitwa, na kuisikiliza ikihesabu asubuhi yake. Watu waliigiza mlio wake kwa ulimi pale walipotaka kusema kwamba fulani ana kesi.

Kisha tukapanda kijijini kwetu. Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa jumbe, ukingoni mwa mteremko, mahali ambapo upepo haupumziki. Tulikuwa na mashine ya kubeba, ya betri, na maikrofoni ndogo yenye waya mfupi. Mkuu aliiweka mbele, karibu na meza ya jumbe, akaizungushia leso yake kupunguza upepo. Waliopenda matuta walikuja mbele wakasema kwa raha zao. Zamu ya baba ilipofika, aliinuka palepale alipokuwa amekaa, nyuma, katikati ya watu wake.

"Mzee, shikamoo. Njoo huku mbele, hapa ndipo penye mashine," mkuu wangu alimwambia.

"Marahaba. Nitasemea hapa hapa."

"Mashine haitakusikia vizuri, mzee wangu."

"Nikija hapo nitakuwa wa hapo," baba akasema.

Watu wa kwetu wote walielewa. Kwetu mtu anayesema kwa niaba yake na ya wenzake haondoki alipokaa. Anasimama juu ya mahali pake. Anayeinuka akaenda mbele ni yule aliyeitwa na wakubwa. Mkuu wangu hakuelewa, na sikumlaumu kwa hilo, alikuwa mgeni. Alinitazama, nami nikavuta waya mpaka ulipogoma. Maikrofoni ikaishia katikati ya safu ya waliokaa mbele ya baba. Ilikaa karibu na goti la jirani yetu wa chini ya mteremko. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa pembeni yake.

Baba akasema. Sauti yake haikuwa kubwa lakini aliirusha, kama unavyomrushia maneno mtu aliye shamba la pili. Alisema hakuulizwa. Alisema hakuna mzee wa uwanja ule aliyeulizwa. Alisema kama kuna aliyekubali, atajwe jina, na kama ni yeye, aambiwe ni siku gani. Na kila aliposhusha pumzi, watu wakamwitikia. Ehee. Akasema tena, ehee. Hivyo ndivyo tunavyosikiliza. Mtu asiyeitikiwa hasemi na watu, anasema na nafsi yake, na wanaompenda humshika mkono wakamrudisha nyumbani. Siku ile aliitikiwa mpaka mwili ulinisisimka. Mjomba wangu aliitikia kwa sauti kuliko wote. Baba alipokaa, jirani yetu alimpiga bega, na mimi nikaona kwamba jambo limekwisha.

Kabla ya kuzima mashine nilinasa uwanja ule mtupu wa maneno: upepo, watu wakijikunja na kujikunjua, jogoo mmoja mpumbavu. Nilijua nitauhitaji.

Tuliporudi Lushoto tukakaa kuusikiliza. Ilikuwa taabu kubwa, sitadanganya. Sauti ya baba ilikuwa imefika kwenye utepe ikiwa imechoka. Ukiipandisha ikutane na ya Bwana Shamba, upepo unapanda kama mtu anayeburuta gunia, na zile ehee, ambazo zilitoka kwenye midomo iliyokuwa imeikaribia maikrofoni, zinagonga mshale mpaka kwenye wekundu na kupasuka. Ukiupunguza mvumo wa chini upepo unapungua, lakini kifua cha msemaji nacho kinaondoka na anabaki mtu mwembamba. Ukipunguza michakacho ya juu, unakula sini na shini zake, na maneno yanakuwa na ukungu.

Mimi nilitengeneza namna yangu. Sikumpandisha baba mpaka juu. Nilimshusha Bwana Shamba kidogo, wakakutana njiani. Nikachukua ule uwanja mtupu, nikauingiza polepole chini ya maneno ya mwisho ya Bwana Shamba kabla baba hajaanza, ili sikio lipande mlimani taratibu, lisisukumwe. Tulikuwa na mashine mbili za kupiga utepe na ya tatu ya kunasa, kwa hiyo iliwezekana. Zile ehee nilizishusha moja moja kwa mkono, kila moja ilipokaribia, zikabaki nyuma ya baba kama zilivyokuwa kwenye masikio ya aliyekuwepo. Haikuwa safi. Upepo ulisikika. Lakini ulijua uko wapi.

Mkuu wangu alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kakiinamisha.

"Umefanya kazi," akasema. "Lakini ni chafu."

"Ni uwanjani, bwana mkuu."

"Msikilizaji hajali ni wapi. Anataka kusikia neno. Huyu Mzungu anasikika kama waziri, na mzee wako anasikika kama mtu aliyepotea porini. Wewe unapenda baba yako asikike hivyo?"

Nikamwambia watu wanaomwitikia wasiondolewe, kwamba kwetu ndio mkutano wenyewe. Akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba hizo ni kelele. Kisha akanituma Mombo kupokea betri zilizokuja kwa treni. Basi liliharibika njiani kurudi, kwenye zile kona, tukateremka tena kulala Mombo, na niliporudi kesho yake adhuhuri alikuwa amekwisha kumaliza kazi. Alikuwa amekaa mbele ya mashine, amevua soksi, uso umemng'aa.

"Kaa," akasema. "Sikiliza nilivyomsafisha baba yako."

Kwanza alikuwa ameukata utepe wenyewe wa uwanjani, kwa wembe, kila palipokuwa na ehee, na kuzitupa kwenye kopo la takataka. Hilo lilimpa nafasi ya kupandisha bila mshale kuruka. Kisha akapunguza mvumo wa chini, kiasi tu, kwa mkono wa mtu anayejua. Lakini upepo uliobaki ulisikika chini ya maneno na kutoweka kwenye zile nafasi zilizokatwa, unakuja na kuondoka, unakuja na kuondoka, na sikio huchukia kitu kama hicho kuliko kelele yenyewe. Na upande wa Bwana Shamba kulikuwa na saa, ambayo hakuna kidude cha kuipunguza, kwa kuwa pigo la saa lina sauti za chini na za juu pamoja. Ukiikata umekata na mtu. Ikisikika kwa Bwana Shamba halafu isisikike kwa mwingine, kila mtu atainua kichwa. Sasa alifanyaje? Kile kisichoweza kuondolewa alikieneza. Alichukua ule ukimya wa ofisini akautandika chini ya kipindi chote, mwanzo hadi mwisho, ukafunika mabaki ya upepo na kuziba nafasi zote. Viungo alivipatanisha na pigo la saa. Saa haikukosa hata mara moja. Sikio linazoea kitu kisichokatika, na likishazoea halikisikii.

Ni kanuni sahihi. Hata leo nikimfundisha mtu kazi hii nitamwambia hivyo. Baba alisikika karibu, mtulivu, kila neno mahali pake, sawasawa kabisa na Bwana Shamba. Swali la mmoja lilifuatwa na jibu la mwingine. Nilimwambia mkuu kwamba walioitikia wamekwenda na kwamba watu wa kwetu hawatapenda. Akanigonga begani, akasema ananifanyia hisani, mzee atasikika Tanganyika nzima. Akafunga kopo palepale, na basi la mchana likaondoka nalo. Utepe wa uwanjani, yaani vile vipande alivyounganisha vya baba, alikuwa amekwisha kuufuta kwa ajili ya safari yetu ya Sigi ya kunasa kipindi cha misitu, kwa sababu utepe ulikuwa adimu na hatukuwa na ruhusa ya kulimbikiza. Namna yangu niliyoitengeneza ilikuwa kwenye utepe mwingine wa ofisi, na yenyewe imefutwa.

Watu niliowasimulia kisa hiki hupenda nijipige kifua na kusema ningefanya hivi au vile. Sijipigi. Nilisema nilichokuwa nacho cha kusema, kwa mtu aliyekuwa mkubwa wangu, na hakusikia. Kwa masikio yale mazuri.

Jumamosi ile kipindi kilipotangazwa, baba alishuka Lushoto na kanzu yake ya Idi. Sokoni kulikuwa na redio ya serikali yenye kipaza sauti kilichofungwa juu ya nguzo, na watu walijaa, wa kijijini kwetu na wa vijiji vingine, wanawake na matenga ya kabichi, wauza ndizi, walimu. Mjomba alikuwepo. Jirani yetu wa chini alikuwepo. Nilisimama kando ya baba, nikaona mikono yake imeshikana nyuma kama ya mvulana anayesubiri kusomewa matokeo.

Bwana Shamba akasema. Kisha baba akasema. Ilikuwa wazi kama maji. Sikukubali. Hakuna aliyeulizwa. Atajwe jina.

Kimya. Sokoni kote watu wamenyamaza, na kwenye ule unyamavu, kutoka juu ya nguzo, tak, tak, tak.

Nilimwona mwanamke mmoja wa matenga akigeuza shingo. Akacheka, akafanya na ulimi wake: tak, tak.

"Mnaisikia hiyo?" akauliza.

"Ile ya kwa Bwana Shamba," mwingine akajibu. "Si ile ya ukutani?"

"Kumbe amekaa naye humo ndani!"

"Tena kwenye kiti, siyo benchi. Msikilize anavyosema polepole."

Na kwa kweli ndivyo alivyosikika. Sauti aliyoirusha juu ya vichwa vya watu, ikiwa imesogezwa karibu na kusawazishwa, ilikuwa sauti ya mtu anayeongea na mwenzake juu ya kikombe cha chai. Hakuna aliyeitikia. Hapakuwa na upepo. Halafu Bwana Shamba akarudi, katika chumba kile kile, saa ile ile, akasema mzee huyu amesema vizuri na ndiyo sababu yeye hupenda kushauriana na wazee. Soko zima likaguna. Kila neno la baba la kukataa likageuka maigizo, mchezo uliopangwa na watu wawili waliokaa meza moja ili kutuliza wajinga. Mtu anamkatalia Mzungu akiwa amekaa ofisini mwa Mzungu? Nani angeamini? Hata mimi nisingeamini.

Baba aliwageukia watu wa kwetu.

"Semeni basi," akasema. "Si mlikuwepo? Si uwanjani kwa jumbe nilisema haya?"

Jirani yetu akainama kurekebisha ukanda wa kiatu. Baba akamtazama mjomba.

"Shemeji. Wewe ulikuwa mbele yangu."

Mjomba aliwatazama waliokuwa wakitutazama. Niliona akipima, na hilo ndilo linaloniuma kuliko saa na kuliko wembe. Kumwitikia mtu anayekataa matuta, mbele ya halaiki ya Lushoto, na makarani wa ofisi wako pale wamesimama na baiskeli zao, ni kujitoa uwanjani na kuingia barazani. Na redio ilikuwa imemwambia kitu kimoja kizuri sana: kwamba sauti yake haimo. Alikuwa ameondolewa kwenye jambo lile kwa wembe, safi, bila kovu.

"Siku ile watu walikuwa wengi," mjomba akasema. "Sikumbuki vizuri kila mtu alisema nini."

Baba akafungua mikono yake iliyokuwa imeshikana nyuma. Tukapanda nyumbani kwa miguu. Tangu siku ile hakuitwa tena kwenye kesi za mipaka, na njiani watu walipopishana naye walitazama migomba. Kwetu kupita bila salamu si usahaulifu. Mtu anakunyima onga mshi, salamu yetu ya mchana, kwa makusudi, na wewe unaihesabu mpaka ufike kwako.

Mkuu wangu alipata barua ya pongezi kutoka Dar es Salaam kwa usafi wa kipindi. Alininunulia soda.

Yale niliyoyafanya baadaye hayakuwa na faida, lakini niliyafanya. Lile kopo la takataka lilikuwa halijamwagwa. Nikatoa vile vipande vya utepe, vingine vifupi kama kidole, vingine kama kiganja, nikavinyoosha, nikaviunganisha kimoja baada ya kingine bila kujua kipi kilitangulia. Nilipovipiga vilikuwa ehee tupu. Mlolongo wa watu wanaoitikia, na upepo ukikatika na kuanza katika kila kiungo. Nikakopa mashine ya betri siku ya mapumziko nikampelekea baba.

Alikuwa kibarazani akichambua maharagwe. Niliweka mashine juu ya kinu kilichopinduliwa. Aliposikia ile ya kwanza aliacha kuchambua.

"Huyo ni jirani," akasema.

Ehee.

"Huyo ni mzee wa msikitini, anaitikia puani."

Ehee.

"Shemeji." Akasogea karibu. "Hata kuliko mimi wamesikika. Mashine ilikuwa kwao."

"Ilikuwa kwao, baba."

Alitaka nirudishe mwanzo, nikarudisha. Alisikiliza wote tena, anawataja mmoja mmoja kwa namna anavyohusiana nao, na uso wake ulikuwa laini kiasi kwamba nikapata ujinga wa kutumaini. Nikamwambia nitaichukua, nitaipiga uwanjani kwa jumbe, hata sokoni nitaipiga, wasikie sauti zao wenyewe.

"Utawapigia nini?" akaniuliza. "Ehee, ehee. Watasema walikuwa wakimwitikia Bwana Shamba. Maneno yangu yako wapi hapo?"

Sikuwa nayo. Maneno yake yalikuwa Dar es Salaam, ndani ya saa ya Mzungu, na majibu yake yalikuwa hapa juu ya kinu, na hakuna gundi ya kuyarudisha mahali pamoja.

Wakati ule mjomba alikuwa akipita kwenye njia ya chini ya nyumba, jembe begani, anatoka kwenye matuta. Utepe ulikuwa bado unazunguka. Ehee, mashine ikasema, kwa sauti yake. Akasimama. Alijua ni nani, mtu hawezi kukosa kujijua. Akatazama juu kibarazani, akatuona, akaiona mashine.

"Onga mshi, shemeji," baba akasema.

Mjomba hakufungua mdomo. Aliinamisha kichwa akaendelea na njia, na nyuma yake, kutoka kwenye kinu, sauti yake ikaitikia tena, kubwa, ya furaha, ya mtu asiyeogopa kitu. Baba akarudi kwenye maharagwe yake. Nikazima mashine.